Programu ya dola 30 ikupostie: inalipa au hailipi?

"Shikamoo kaka. Mimi ni mbunifu wa michoro, nafanya kazi zangu mwenyewe hapa Mwanza. Nina ukurasa wangu, na nasimamia kurasa za wateja wawili, duka la nguo na mgahawa. Kila biashara naipostia mara nne kwa wiki, Instagram, Facebook na TikTok. Kuposti kunanila saa 12 kwa wiki. Nikipata kazi ya kubuni natoza 15,000 kwa saa, na kwa mwezi naingiza kama laki tisa. Kuna programu ya dola 30 kwa mwezi inaposti yenyewe kila mahali. Rafiki yangu anasema saa 12 mara 15,000 ni laki na themanini kwa wiki, sasa nasubiri nini? Ila roho inasita. Nilipie?"

Marahaba. Acha roho isite kidogo, maana rafiki yako amezidisha namba mbili ambazo zote si zenyewe. Hizo saa 12 si za kuposti, na hiyo 15,000 si thamani ya kila saa yako.

Nikianza na saa. Mtu akisema "nilikuwa naposti" huwa anajumlisha mambo mengi: kutafuta wazo, kupiga au kutafuta picha, kuipanga, kuandika maelezo, kuituma kwenye simu, kuipandisha mara tatu, kujibu wanaouliza bei, halafu kujikuta anatazama video za watu wengine kwa robo saa. Programu unayoitaja inagusa sehemu moja tu ya mnyororo huo, nayo ni kupandisha. Wazo haikuletei, mgahawani haiendi kupiga picha ya samaki, na mama anayeuliza kama gauni lipo la saizi yake haitamjibu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, pima wiki mbili. Huhitaji kitu cha kifahari. Weka karatasi mezani, na kila ukibadilisha hatua andika saa na jina la hatua: "kubuni", "maelezo", "kupandisha", "kujibu", "kuzurura". Hiyo ya mwisho iandike bila aibu, karatasi ni yako. Wiki moja haitoshi, kwa sababu huwa tunajirekebisha tukijua tunajipima; wiki ya pili ndiyo inayosema kweli.

Kwa sasa ngoja nikukisie mgawanyo, kutokana na nilivyozoea kuona kwenye kazi za ukubwa wako. Saa 12 ni dakika 720. Kubuni na kutengeneza picha na video, dakika 330. Kuandika maelezo, 120. Kujibu maoni na inboksi, 90. Kuzurura, 48. Kuhamisha faili kutoka kompyuta kwenda simu na kuhama akaunti hadi akaunti, 24. Zimebaki za kupandisha: posti 12 kwa wiki, mara kurasa tatu kila moja, ni mara 36. Kila mara nikiipa dakika tatu, inakuwa dakika 108.

Umeona? Kinachoweza kupunguzwa na programu ni hizo 108 na zile 24 za kuhamisha faili. Jumla dakika 132, saa mbili na dakika 12. Hizo tu ndizo zinazoweza kuokolewa. Saa nyingine karibu kumi zitabaki na wewe hata ukilipa dola mia. Za kuzurura sikuziweka, ingawa wauza programu hupenda kuziweka, kwa sababu anayezurura akiposti kwa mkono atazurura vilevile akiingia kujibu maoni.

Sasa kuna swali ambalo wengi hulipita: unalinganisha programu ya kulipia na nini? Ukiilinganisha na kupandisha kwa mkono kila siku, inapendeza. Lakini wewe huna sababu ya kubaki kupandisha kwa mkono. Meta, wenye Facebook na Instagram, wana Meta Business Suite, haina malipo, unaifungua kwenye kompyuta na kupanga posti ya Instagram na Facebook kwa pamoja, siku na saa unayotaka. TikTok nao, ukiingia kwa kompyuta, wanakuruhusu kupanga video itoke baadaye. Kinachotakiwa ni akaunti ya Instagram iwe ya biashara au ya mtayarishaji, na iunganishwe na ukurasa wa Facebook. Kwa hiyo mshindani wa programu ya dola 30 ni hizi za bure, pamoja na kukaa chini mara moja kwa wiki, tuseme Jumapili jioni, ukapanga posti zote 12.

Tuhesabu njia hiyo. Posti 12 za Instagram na Facebook kwa pamoja, dakika tatu kila moja, ni 36. TikTok posti 12, dakika mbili na nusu, ni 30. Kuhamisha faili kunaisha kwa sababu umeshaketi kwenye kompyuta ambako faili ziko. Kisha ongeza dakika 15 kwa wiki za kukagua kama kweli zimetoka, nitakueleza kwa nini. Jumla dakika 81. Umeokoa dakika 51 kwa wiki na hujatoa hata shilingi.

Programu ya kulipia inakupandishia mara moja sehemu zote tatu. Ila si kwa dakika tatu, maana maelezo marefu ya Facebook hayafai TikTok, utayakata. Na picha ya mraba haikai vizuri kwenye video ya wima. Nipe dakika tatu na nusu kwa posti, 42 kwa wiki, na dakika 15 zilezile za kukagua. Jumla 57.

Kwa hiyo kutoka mkono hadi programu ya kulipia unaokoa dakika 75. Kati ya hizo, 51 umezipata bure. Dola 30 inakununulia dakika 24 kwa wiki. Kwa mwezi, nikizidisha kwa wiki 4.3, ni dakika 103, saa moja na robo tatu hivi.

Hapo ndipo tunakuja kwenye bei ya saa yako. 15,000 ni bei unayotoza ukipata kazi, na saa unayookoa haiji na mteja mkononi. Umesema unaingiza laki tisa kwa mwezi. Kama unafanya kazi saa 45 kwa wiki, ambayo ni kadirio langu, badilisha ukiwa na yako, hizo ni saa 193 hivi kwa mwezi. Gawanya: saa yako inaingiza kama 4,650. Tofauti ya 4,650 na 15,000 ni saa zote unazozitumia kutafuta wateja, kupeleka rasimu, kudai hela na kusubiri mtu aseme "sawa" kwenye WhatsApp. Hazilipwi, ila ni kazi.

Utumie ipi? Mimi hutumia zote mbili kama mipaka. Kama una kazi zinazokusubiri, umekataa mteja mwezi huu kwa kukosa muda, basi saa iliyookolewa utaiuza, na 15,000 ni halali. Kama huna foleni, saa hiyo itaingia kwenye mambo ya kawaida, tumia 4,650. Na kama ukweli ni kwamba utalala mapema, thamani yake ya fedha ni sifuri. Usingizi una faida zake, lakini usiuandike kwenye safu ya mapato.

Upande wa gharama nao dola 30 si dola 30. Nikichukua dola moja kwa shilingi 2,600, ni 78,000. Tangu Julai 2022 Tanzania inataka watoa huduma za kidijitali walio nje wasajiliwe na kutoza VAT ya asilimia 18, hivyo baadhi ya programu huiongeza juu ya bei uliyoiona kwenye tangazo. Hiyo ni 14,040. Benki au kadi ya mtandaoni ya simu hubadilisha fedha kwa kiwango chake. Nikiweka asilimia tatu, inakuja jumla ya kama 95,000 kwa mwezi. Angalia taarifa ya kadi yako kwa malipo yoyote ya dola uliyowahi kufanya, ulinganishe na kiwango cha Benki Kuu siku ile, utajua asilimia yako halisi.

Kuna pia saa za kuanzisha. Kugeuza akaunti kuwa za biashara, kuunganisha kurasa, kuomba msimbo wa uthibitisho kwa mteja ambaye simu yake iko kwa shemeji yake Geita. Tenga saa sita. Ila nyingi ya hizo utazitumia hata kwa njia ya bure, kwa hiyo hapa hazibadilishi uamuzi.

Sasa weka pamoja:

```
faida = (dakika za njia ya bure - dakika za kulipia) × 4.3 ÷ 60 × thamani ya saa - gharama ya mwezi
```

Kwako: 81 toa 57, ni 24. Mara 4.3, gawanya kwa 60, ni saa 1.72. Kwa 15,000 ni kama 26,000. Kwa 4,650 ni kama 8,000. Gharama ni 95,000. Hata kwa bei yako ya juu unapoteza karibu 69,000 kila mwezi. Kwa kazi uliyo nayo leo, jibu langu ni usilipie.

Na ungelinganisha na kupandisha kwa mkono, kama tangazo linavyotaka ulinganishe? Dakika 75 kwa wiki ni saa 5.4 kwa mwezi, mara 15,000 ni kama 81,000. Iweke kando ya dola 30 bila VAT na makato, yaani 78,000, utaona inalipa kwa elfu tatu. Hivyo ndivyo mtu mwenye akili zake anavyojikuta amelipa mwaka mzima. Hakuna aliyemdanganya. Alianzia tu mahali pasipo sahihi.

Utauliza, ni lini itageuka? Gharama ya 95,000 kwa saa ya 15,000 inahitaji kuokoa saa 6.3 kwa mwezi zaidi ya njia ya bure, ambazo ni dakika 88 kwa wiki. Biashara tatu zinakuokolea 24, kila moja 8. Ungehitaji kama biashara 11, tena zote ukiwa unauza muda uliopatikana. Hapo soma masharti ya bei kwa makini, kwa sababu programu nyingi hazitozi kwa mtu, hutoza kwa idadi ya kurasa au hukuwekea kikomo. Na ukurasa wao si biashara yako: duka la nguo lenye Instagram, Facebook na TikTok ni kurasa tatu. Wewe leo una tisa, si tatu. Biashara 11 zingekuwa 33, na bei ya dola 30 ingekuwa imeshakukimbia. Hata Buffer, programu nyingine ya kupanga posti yenye kifurushi cha bure, hicho kifurushi kinabeba kurasa tatu, na kila ukurasa unaweza kupanga posti kumi mbele. Kinakutosha kwa ukurasa wako binafsi, hakikutoshi kwa wateja. Na cha bure si cha milele: Hootsuite, programu nyingine ya aina hiyo, walikuwa na kifurushi cha bure kwa miaka mingi, wakakiondoa mwaka 2023.

Nilisema nitaeleza zile dakika 15 za kukagua. Programu yoyote, ya bure au ya kulipia, inaposti kwa ruhusa uliyoipa, na ruhusa hukatika. Mteja akibadilisha neno la siri la Facebook, au Meta wakishuku kitu na kumtaka aingie upya, muunganiko unakufa. Posti haitoki. Wakati mwingine unapata barua pepe, ambayo imezama kati ya matangazo. Mimi niliwahi kukaa siku sita nikiamini ukurasa wa mteja unaenda, hadi aliponipigia yeye. Tangu siku hiyo Jumatatu na Alhamisi asubuhi nafungua kila ukurasa kwa macho yangu, si kwenye dashibodi ya programu. Dashibodi inaweza kusema "imetumwa" na video ikawa imetoka bila sauti.

Na hilo la sauti lina sababu. Nyimbo zinazovuma ndani ya Instagram huzipati ukiposti kupitia programu ya nje. Unapata sauti iliyomo ndani ya faili yako tu. Kama video za mgahawa zinategemea wimbo wa wiki hii, utazipandisha kwa simu, basi, na uziondoe kwenye hesabu ya muda uliookolewa. Vilevile akaunti ya Instagram iliyobaki kuwa ya kibinafsi haipostiwi yenyewe: unaletewa ukumbusho kwenye simu, kisha unaposti kwa mkono. Umelipia kengele.

Halafu saa. Mteja wa mgahawa anakuambia "itoke saa mbili usiku". Kwenye programu hiyo ni 20:00, na kwenye zile za mtindo wa Kimarekani ni 8:00 PM. Nimeshaona tangazo la chakula cha jioni likitoka saa nane za usiku kwa sababu mtu aliandika 2:00 AM akiwa amechoka. Na kabla ya yote hakikisha programu imewekwa majira ya Afrika Mashariki, GMT+3. Zingine huanza na majira ya kwao.

Jambo jingine la kukagua ni hali ya nchi na ya mtaa. Posti iliyopangwa Jumapili haijui kilichotokea Jumatano. Wanaokumbuka Machi 2021, nchi ikiwa kwenye maombolezo ya Rais Magufuli, wataelewa kwa nini tangazo la "furahia wikiendi na sisi" siku kama ile linamharibia mteja wako kuliko wiki mbili za kutoposti. Jua kitufe cha kusimamisha posti zilizopangwa kiko wapi kabla hujakihitaji.

Umeacha kutaja WhatsApp, nami sitaki uisahau, maana kwa duka la nguo nina shaka mauzo mengi yanatoka huko. Stetasi haipangwi kupitia Meta Business Suite. Kuna programu za pembeni zinazojidai kuifanya, au kutuma ujumbe kwa mamia ya watu kwa mpigo. Ziache. WhatsApp hufungia namba zinazotumia njia zisizoruhusiwa, na namba ya duka ikifungwa hakuna dola 30 itakayoirudisha. Orodha ya matangazo iliyomo ndani ya WhatsApp yenyewe inatosha: inabeba watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya duka.

Sasa, nisikufanye uamini kwamba kulipia siku zote ni ujinga. Kuna kitu kimoja kingenifanya nibadili jibu, nacho ni idhini. Angalia karatasi yako ya wiki mbili: ni dakika ngapi umetumia kumtumia mteja picha WhatsApp, kusubiri, kukumbushia, kurekebisha neno moja, kutuma tena? Kwa baadhi ya watu hiyo ni saa tatu kwa wiki, nyingi kuliko kupandisha kwenyewe. Programu zenye ukurasa wa idhini, mteja akaziona posti za wiki nzima akabonyeza kukubali, zinaweza kuikata hiyo kweli. Ila jaribu kwanza njia ya mkono: weka posti zote nne za wiki kwenye PDF moja, mtumie Ijumaa, mkubaliane kwamba asiposema kitu hadi Jumamosi jioni zinatoka. Ikifanya kazi, umepata ulichotaka kununua. Kama mteja ni kampuni yenye watu watatu wa kuidhinisha, hapo lipia, lakini gharama iingie kwenye mkataba wake kama kipengele chake, isitoke kwenye laki tisa yako. Mteja akilipa, hesabu yote ya juu inabadilika, kwa sababu gharama yako inakuwa sifuri.

Kuna mambo mawili ya kutofanya kwa simu au kwa ujumbe. La kwanza, kama kurasa za mteja zilifunguliwa na kijana aliyeondoka, na hakuna anayejua nani mwenye mamlaka ya juu, nenda dukani. Kaa na mwenye mali, simu yake mezani, mpaka jina lake liwe msimamizi mkuu ndipo uunganishe kitu chochote. La pili, ukianza kulipia programu za nje kila mwezi na una TIN, mwone mhasibu ana kwa ana ukiwa na ankara zako, akuambie zipi zinahesabika kama gharama za biashara. Ankara zenye jina lako binafsi tu, na kadi ya mtu mwingine, huwa zinamsumbua.

Ukitaka bado kuijaribu hiyo ya dola 30, itumie siku za majaribio ukiwa umeshafanya wiki mbili za njia ya bure, ili upime 24 zangu kwa dakika zako. Na kama wanataka kadi kabla ya kuanza, weka kengele kwenye simu siku mbili kabla majaribio hayajaisha, saa nne asubuhi. Ukiandika kwenye simu, ni 10:00.